Kukariri hotuba nzima au kushika dondoo saba?

Wiki tatu kabla ya sendofu ya binti yake, dereva mmoja mstaafu wa malori alinijia na karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono, mbele na nyuma. "Mwalimu," akaniambia, "ukurasa wa kwanza nimeshaushika wote. Nikimaliza hii mingine, kazi imekwisha." Nikamwomba asimame aniambie ukurasa huo. Akaanza vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kumwita utingo aliye ng'ambo ya barabara. Kufika sentensi ya sita akasema "mwendo" mahali alipoandika "safari", na hapo gari likazima.

Karatasi ilisema: "Safari hii ndefu iliyoanza Mbeya imetufikisha hapa leo." Yeye alitamka "Mwendo hii," akasita, akajirekebisha "mwendo huu ndefu," akasita tena, "mrefu," kisha akanyamaza akitazama dari. Akaomba aanze upya. Hakuomba kuanza sentensi ile. Aliomba kuanza na "Ndugu wageni waalikwa".

Naieleza ajali hii kwa kirefu kwa sababu Kiswahili kina mtego wake kwa anayekariri neno kwa neno. Ukibadilisha jina moja tu, hata kwa kisawe chake, ngeli huweza kubadilika, na ikibadilika, kila neno linalopatana nalo lazima libadilike pia: huu, mrefu, ulioanza, umetufikisha. Mdomo umezoea mfuatano wa sauti "hii ndefu iliyoanza", na sasa unadaiwa mfuatano mwingine ambao haukuufanyia mazoezi. Mtu anayezungumza kwa kawaida hurekebisha upatanisho huo bila kuufikiria. Anayekariri hawezi, kwa kuwa akili yake haipo kwenye maana ya sentensi, imeshikilia mlio wake.

Maneno yaliyokaririwa hukaa kichwani kama mnyororo: kila kipande huvuta kinachokifuata. Kipande kimoja kikikosekana, huna pa kushika zaidi ya mwanzo. Tarehe 22 Aprili 1904 jambo hilo lilimpata Winston Churchill, akiwa mbunge wa miaka 29, katika Bunge la Uingereza. Hotuba zake alikuwa akizikariri. Alikuwa amezungumza kama dakika 45 kuhusu vyama vya wafanyakazi pale uzi ulipokatika katikati ya sentensi. Akalitafuta neno lililofuata, hakulipata, akawashukuru wabunge kwa kumsikiliza, akaketi. Tangu hapo hakuiachia kumbukumbu yake kazi yote. Alikuwa akisimama na maandishi mkononi, yamepangwa kwa mistari mifupi mifupi kama zaburi ili jicho lisipotee.

Kuna kosa la pili ambalo ni la kimya zaidi. Waliosoma madrasa wanalijua. Anayehifadhi Suratur-Rahman hukutana na aya ileile ikirudiwa mara 31, na asipokuwa makini hutoka kwenye marudio ya tatu akaingia yanayofuata ya kumi, asijue kwamba ameruka. Hotuba zetu zimejaa njia panda za aina hiyo. Mzee wangu alikuwa na aya nne zinazoanza na "Napenda kuchukua nafasi hii kuwashukuru". Alipofika ya pili akatokea kwenye ya nne, akawaruka wakwe wote, akamaliza kwa tabasamu. Yeye mwenyewe aliona amefaulu. Vivyo hivyo, Septemba 2014, Ed Miliband, kiongozi wa chama cha Labour cha Uingereza, alihutubia mkutano wa chama mjini Manchester kwa zaidi ya saa moja bila karatasi. Hakukwama hata kidogo, ila sehemu nzima ya nakisi ya bajeti hakuisema. Siku iliyofuata watu walizungumzia alichosahau kuliko alichosema.

Kwa hiyo mtu akiniambia hotuba yake ameshaikariri, humpima kama mwalimu wa madrasa anavyompima mwanafunzi: nasoma maneno matatu kutoka katikati, namwambia aendelee. Akiweza kuendelea kutoka mahali popote, kweli ameihifadhi, nami simgusi. Akihitaji kurudi nyuma ili apate kasi, huo ni mnyororo tu, na ukumbini utakatika maiki ikilia au mtoto akipiga kelele. Mzee nilimpima mara tano akashindwa zote. Kwa wiki tatu angeweza kufika kwenye uhifadhi wa kweli, lakini kwa kazi ya kila siku asubuhi na jioni, na yote hiyo kwa hotuba ya dakika tano. Nikamshauri tuziweke karatasi zake kando.

Hatukuandika kitu. Nilimkalisha kibarazani, nikawasha kinasa sauti cha simu, nikamuuliza habari za binti yake kama jirani anavyouliza. Akasimulia kwa dakika 11. Binti alizaliwa yeye akiwa kwenye foleni ya malori Tunduma, mpakani na Zambia, na habari akaletewa na dereva mwenzake. Alipokuwa na miaka minne, binti alimfichia funguo za lori ndani ya debe la unga ili asiondoke. Hakuna hata kimoja kati ya visa hivyo kilichokuwemo kwenye zile karatasi nne. Zilikuwa na "malezi bora" na "misingi ya maadili".

Kutoka kwenye sauti ile tukatoa dondoo. Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa ni kuandika vichwa vya habari. Kadi inayosema "Utoto wake" haimsaidii mtu aliyekauka mdomo, maana inamtajia chumba bila kumpa mlango. Dondoo nzuri ya Kiswahili ni kitenzi kilichonyambuliwa. Tazama neno moja: "alinifichia". Ndani yake mna aliyetenda, wakati, aliyetendewa, na ile "-i-" inayosema kwamba kitendo kilimlenga yeye. Ukilisoma, sentensi imeshaanza kutoka. Kadi yake ikawa hivi:

Alizaliwa nikiwa Tunduma
Alinifichia funguo
Mama yake aliwalea, mimi barabarani
Nilipigiwa simu: kafaulu!
Mlikuja mkabisha hodi
"TUNAWAPA MTOTO, HATUWAPI MFANYAKAZI."
Majirani, kamati: asanteni

Mstari wa sita umeandikwa kwa herufi kubwa na alama za kunukuu kwa makusudi. Huo haukuwa dondoo. Ilikuwa sentensi kamili ya kutamkwa ilivyo. Kwenye kinasa sauti mzee aliusema ujumbe huo kwa namna tano, na moja kati ya hizo, nawaambieni, ingevunja uchumba palepale. Maneno ya kuwaambia wakwe hayaachiwi ulimi uchague usiku wa tukio. Kwa hiyo hiyo moja aliikariri, pamoja na sentensi ya kwanza ya hotuba, kwa kuwa sekunde za mwanzo ndizo mapigo ya moyo yanapokuwa juu zaidi, na sentensi ya mwisho, ili ajue anakokwenda kutua. Sentensi tatu kwa jumla. Hizo hata mtu mwenye kumbukumbu mbovu atazihifadhi kwa siku mbili, na zikimtoroka zipo kwenye kadi.

Majina ya wageni hatukuyakariri kabisa. Yaliandikwa nyuma ya kadi kwa mpangilio wa itifaki, na nikamwambia ayasome waziwazi, bila kuona haya. Hakuna aliyewahi kuchukia jina lake kusomwa. Watu huchukia kusahauliwa. Anayedhani jambo fupi halihitaji karatasi akumbuke kiapo cha Rais Obama, tarehe 20 Januari 2009. Jaji Mkuu John Roberts alikiongoza kwa kichwa, akalihamisha neno moja kutoka mahali pake, na kesho yake kiapo kikarudiwa Ikulu.

Kuhusu kadi yenyewe, iwe ngumu. Karatasi laini hutetemeka na kutangaza hofu yako kwa ukumbi mzima. Nusu ya karatasi ya A5 inatosha, kwa kalamu nene, mistari isizidi saba. Simu siitaki kwenye kazi hii, kioo hujizima na shangazi hupiga.

Mazoezi ya dondoo yana sharti moja ambalo wanafunzi wangu hulipinga kila mara: usirudie maneno yaleyale. Kila jioni mzee alisema kisa cha funguo kwa namna nyingine, leo akianza na debe la unga, kesho akianza na honi ya tajiri wake aliyekuwa akimsubiri nje. Ukikuta umeanza kurudia sentensi ileile kwa mlio uleule, umerudi kwenye kukariri bila kujijua, na mtego wa ngeli umeufungua tena.

Dondoo nazo zina ubaya wake, nao ni muda. Anayekariri hujua hotuba yake ni ya dakika ngapi. Anayezungumza kwa dondoo akiona watu wanacheka huongeza chumvi, na kisa cha dakika moja kikawa cha tatu. Jaribio letu la kwanza lilikwenda dakika tisa. Dawa tuliyotumia ilikuwa kuandika pembeni ya mstari wa nne namba 3, yaani dakika ya tatu uwe hapa, na kukubaliana mapema ni mstari gani utarukwa mambo yakichelewa. Tulichagua ule wa simu. Ndio uzuri wa dondoo: mstari mmoja ukitolewa, mingine haianguki. Kwenye mnyororo hilo haliwezekani.

Usiku wa sendofu emsii alichelewesha ratiba kwa saa nzima, kama ada, akamnong'oneza mzee kwamba dakika tano sasa ni tatu. Mzee akaitazama kadi, akaupita mstari wa nne, na kile kisa cha Tunduma akakikata kwa sentensi mbili. Alipofika kwenye funguo, binti akajifunika uso kwa kitenge. Mzee mwenyewe sauti ikamkaba, akanyamaza, akainamisha macho kwenye kadi, akaona "Mama yake aliwalea", akaendelea kutoka hapo. Wageni walidhani alinyamaza kwa makusudi.

Miezi michache baadaye alinipigia tena. Kaka yake alikuwa amefariki, na ukoo ulimtaka asome wasifu wa marehemu. Akaniuliza tutengeneze dondoo ngapi. Nikamwambia safari hii hakuna dondoo wala kukariri: andika neno kwa neno, kwa herufi kubwa, miaka na majina yahakikiwe na wazee, halafu usome. Na mpe kijana mmoja wa familia nakala ya pili, asimame karibu yako. Kilio kikikushinda, atapokea kutoka kwenye mstari uleule.