Muulize kiongozi wa timu kabla ya kumwandikia mhandisi

Mwaka wangu wa kwanza wa kutafutia kampuni wahandisi wa programu hapa Nairobi, nilituma ujumbe uleule kwa kila mtu: "Nimevutiwa na wasifu wako, tuna nafasi nzuri." Walionijibu ni wa kuhesabu kwa vidole. Nikaongeza sifa, nikataja vyuo vyao na lugha wanazotumia. Kimya kikabaki kilekile, kwa sababu kazi yenyewe bado haikuwa na sura.

Siku hizi naanzia kwa kiongozi wa timu. Orodha ya vigezo naiweka kando, namuuliza ni tatizo gani limewanyima usingizi majuzi. Kwa nafasi moja ya mfumo wa malipo alinijibu hivi: programu yao ikipokea taarifa ileile ya malipo ya M-Pesa mara mbili, inahesabu oda mbili. Hapo nikajua wa kumtafuta.

Nilitafuta `CheckoutRequestID` ndani ya msimbo ulio wazi GitHub. Hiyo ndiyo namba ambayo Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hulipatia kila ombi la STK Push, lile linalomtokea mteja kwenye simu ili aweke PIN. Repo nyingi, yaani hifadhi za msimbo, zilipokea taarifa na kuihifadhi tu. Moja ilikuwa imeiwekea hifadhidata sharti kwamba namba hiyo isijirudie, na jibu likichelewa, programu inauliza yenyewe hali ya muamala. Mwenye repo hiyo alikuwa ameshakutana na tatizo letu.

Lakini repo huweza kuwa nakala ya kazi ya mtu mwingine, na ukimsifu mtu kwa msimbo asiouandika umeharibu kila kitu. Kwa hiyo niliishusha, nikaangalia nani amechangia mara ngapi:

```
git shortlog -sn --no-merges HEAD
```

Kisha `git blame` kwenye faili lenyewe ikanionyesha nani aliandika mistari ile, na lini. Ilikuwa ni yeye, miezi michache tu nyuma. Nikaandika:

"Habari. Kwenye repo yako ya malipo nimeona unazuia CheckoutRequestID isijirudie. Timu ya watu wanne hapa Nairobi inahesabu oda mara mbili kwa kukosa kinga hiyo, na inatafuta wa kuiandika upya sehemu hiyo kwa Python. Mshahara ni shilingi 280,000 hadi 340,000 kwa mwezi, ofisini siku 2 kwa wiki. Nikutumie maelezo ya tatizo kabla hatujaongea?"

Alijibu kwa swali: je, mnalinganisha miamala yote kila usiku? Sikujifanya najua. Nililipeleka kwa kiongozi wa timu, nikamrudishia jibu lake kama lilivyo.

Wahandisi wengi wazuri hawana msimbo wowote wa wazi, kazi yao yote iko ndani ya kampuni. Kwao sibuni sifa. Naeleza tatizo la timu, mshahara na mahali, basi. Na barua pepe inayoonekana kwenye `git log` siitumii. Mtu aliiacha pale kwa ajili ya msimbo, hakunipa mimi, na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Namwandikia LinkedIn, au pale alipoandika mwenyewe kwamba atafutwe.