Ombi tupu la ratiba ni lipi?

Kamati ya skuli moja Pemba inamwandikia msimamizi wa ujenzi: "Tutengenezee ratiba ya banda la madarasa mawili." Basi. Hilo ndilo ombi tupu la ratiba: linataja kitu kinachotakiwa, lakini halisemi kazi zake ni zipi, mwisho lini, watu wangapi, wala kazi ipi inaingoja ipi. Atakayelijibu kwa tarehe atakuwa amezibuni.

Linalosahauliwa zaidi ni hilo la mwisho, la kungojana. Tuseme kamati imerudi na orodha hadi kwenye paa. Kufyatua matofali na kuyamwagia maji mpaka yakomae, siku 14. Msingi, 6. Kuta, 10. Mkanda wa zege juu ya kuta pamoja na muda wa kukauka, 10. Mbao na mabati kufika kwa meli kutoka Unguja, 21. Kuezeka, 6. Ukijumlisha unapata siku 67, na wengi huishia hapo.

Sasa uliza nini kinangoja nini. Kuta zinangoja matofali na msingi, lakini hivyo viwili havingojani. Paa linangoja mkanda ushike na mabati yafike. Mabati yakiagizwa siku ya kwanza, yatakuwa njiani huku kazi ikiendelea. Mlolongo mrefu kuliko yote ni matofali, kuta, mkanda, paa: 14, 10, 10 na 6, yaani siku 40. Kazi ni zile zile, ila siku 27 zimepungua.

Hesabu hiyo inakubali kwamba wanaofyatua matofali si wanaochimba msingi. Kama ni kundi moja la mafundi, msingi utasubiri matofali yaishe na siku zitakuwa 46. Ndiyo maana idadi ya watu haiwezi kuachwa. Wala si kila kazi inaharakishwa na watu: ukiongeza waashi, kuta pengine zitasimama kwa siku 5, lakini zege la mkanda litakauka kwa muda wake hata ukileta shehia nzima.

Tarehe ya mwisho nayo huamua hesabu ianzie wapi. Kamati ikisema paa liwe juu kabla ya masika, ambayo kwa kawaida huanza mwezi wa Machi, msimamizi anahesabu siku 40 kurudi nyuma. Hapo ataona pia nafasi aliyonayo: mabati yanahitajika siku ya 34, kwa hiyo meli inaweza kuchelewa hadi siku 13 bila kuharibu kitu. Matofali yakichelewa siku moja tu, banda zima linachelewa siku moja. Huko kwenye matofali ndiko msimamizi anatakiwa apite kila asubuhi.