"Huyo" ni nani? Viashiria vinapompoteza msomaji

Kazi yangu hapa Lamu ni kusafisha Kiswahili cha watu: kumbukumbu za mikutano, maelezo ya malalamiko yanayopelekwa kwa wazee, hati za kuuziana mashamba, mara nyingine habari za redio. Watu huleta karatasi wakidhani nitashughulika na herufi na nukta. Nukta ni kazi ya dakika chache. Kinachonikalisha ni viashiria, yaani huyu, huyo, yule na ndugu zao, na hasa pale kimoja kinaposimama peke yake bila jina.

Chukua aya hii. Nimebadilisha mambo yasiyohusika, lakini makosa yamebaki yalivyokuwa:

"Nahodha wa Matondoni alimpa fundi kazi ya kukalafati jahazi lake. Fundi huyo alimtuma kijana wake mjini Amu akanunue pamba na misumari. Yule alipofika alikuta duka limefungwa, akarudi kumwambia huyo. Hiyo ilimuudhi sana, akasema mapatano yao yameisha na hiyo jahazi itapelekwa kwingine mwezi huo."

Nani aliyevunja mapatano? Aya nzima iliandikwa ili wazee walijue hilo, na ndilo peke yake isilolisema. Fundi anaweza kuudhika akamwambia mwenye chombo akitafutie fundi mwingine. Nahodha naye anaweza kuudhika akaamua kukihamisha. Mwandishi alijua, maana alikuwapo. Angekuwa anasimulia barazani, angeelekeza kidevu upande wa nyumba ya anayemtaja na yangekwisha. Karatasi haina kidevu.

Kwa vitu, lugha yetu hutusaidia sana. Nikiandika kwamba niliweka kikapu ndani ya mashua karibu na jembe, halafu niseme "hicho kilianguka", unajua ni kikapu. Nikisema "hilo", ni jembe. Nikisema "hiyo", ni mashua. Ngeli tatu tofauti, kila kiashiria na chake. Lakini nahodha, fundi na kijana wote wako katika ngeli ya A-WA. Wote ni huyo, wote ni yule, wote ni a- kwenye kitenzi. Upatanisho hautenganishi watu, kwa hiyo mwandishi lazima awatenganishe kwa njia nyingine, na hapo ndipo tofauti ya huyo na yule inapoanza kuwa na kazi.

Shuleni tulifundishwa kwamba huyu yuko karibu, huyo yuko mbali kidogo, yule yuko mbali kabisa. Hilo ni sahihi ukiwa umesimama na mtu mnaangalia kitu. Katika maandishi hakuna umbali wa macho, kuna umbali wa maneno. Huyo humrudia mtu aliyetoka kutajwa sasa hivi. Yule humrudisha mtu aliyetajwa nyuma, akaachwa kidogo, na ambaye msomaji bado anamkumbuka. Sikiliza mtambaji wa hadithi za pwani: paliondokea sultani mmoja, sultani huyo alikuwa na binti, binti akaugua. Hadithi ikizunguka kwa waganga na safari, ikimrudia mwenyewe, husikii tena "sultani huyo". Unasikia "basi yule sultani akasema". Mmoja kwa kuingiza, huyo kwa kushika, yule kwa kurudia. Bibi zetu hawakosei hapa, ingawa hakuna aliyewaambia neno kiashiria.

Sasa turudi kwenye aya. "Yule alipofika" amekusudiwa kijana, lakini kijana ndiye aliyetajwa sentensi iliyopita. Yule humfanya msomaji arudi nyuma, amkute nahodha, na ashangae nahodha anatafuta nini dukani. Dawa hapa si kuweka "huyo" mahali pa "yule". Dawa ni kufuta tu. A- ya "alipofika" inatosha, kwa kuwa aliyetumwa ndiye anayetarajiwa kufika. Waandishi wengi husahau kwamba kiambishi cha kitenzi tayari ni kirejezi, wakaongeza huyo kila sentensi kama mtu anayegonga mlango uliokwisha kufunguliwa.

"Akarudi kumwambia huyo" ni kosa la namna nyingine. Kuna watu wawili wanaoweza kuambiwa, na huyo pekee hachagui. Hapa hakuna ujanja: liandike jina, "kumwambia fundi". Naona watu wanaogopa kurudia jina, wakidhani ni uandishi wa kitoto. Kwangu mimi, kurudia fundi mara tatu ni afadhali kuliko huyo mmoja anayeelea.

Kisha kuna "Hiyo ilimuudhi". Hiyo gani? Huwezi kuipata, kwa sababu inarejelea tukio zima: duka kufungwa na vifaa kukosekana. Tukio kwa Kiswahili huchukuliwa kama jambo, kwa hiyo ni "hilo" au, waziwazi zaidi, "jambo hilo". Yakiwa maneno yaliyosemwa, ni "hayo". "Hiyo" ingesimama kama ingekuwa na jina lake la I-ZI, kama "habari hiyo". Siku hizi hiyo limekuwa debe la kutupia kila kitu: hiyo mambo, hiyo watu, hiyo jahazi. Jahazi ni LI-YA, jahazi hilo. Mashua ndiyo hiyo, na ukisema chombo, ni hicho. Kwenye mazungumzo ya mjini simsahihishi mtu, lakini kwenye maandishi upatanisho ukivunjika unapoteza msaada ule niliousema juu, wa ngeli kutenganisha vitu.

"Mwezi huo" mwandishi aliuweka sawasawa. Msemaji alisema "mwezi huu", na kauli ikigeuzwa kuwa ya taarifa, huu huwa huo.

Nilimwuliza nani aliudhika. Akajibu, "Nahodha, maalim, nani tena?" Basi tukaandika:

"Nahodha mmoja wa Matondoni alimpa fundi kazi ya kukalafati jahazi lake. Fundi huyo alimtuma kijana wake mjini Amu akanunue pamba na misumari. Alipofika alikuta duka limefungwa, akarudi kumwambia fundi. Jambo hilo lilimuudhi sana yule nahodha, akasema mapatano yao yameisha na jahazi litapelekwa kwingine mwezi huo."

Angalia "yule nahodha". Ametoweka sentensi mbili, sasa anarudi, na yule ndiyo kazi yake. "Nahodha huyo" isingekuwa kosa, kwa kuwa jina lipo, ila ingesomeka kama habari ya gazeti. Magazeti hupenda "mbunge huyo", "mshukiwa huyo" tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa habari fupi ya mtu mmoja inafaa. Chagua mtindo mmoja. Aya inayoanza kigazeti ikaishia kihadithi huchosha.

Ukitaka kujipima, funika kwa kidole kila kiashiria kisicho na jina ubavuni. Sentensi ikibaki inaeleweka, kiashiria kilikuwa cha ziada, kifute. Isipoeleweka, mpe mtu asiyejua kisa asome na umwulize ni nani. Akisita tu, andika jina.

Hati za mauziano nimeziwekea sharti kali zaidi: mtu hatajwi kwa kiashiria kabisa. Ni "Muuzaji" na "Mnunuzi" kila mara, hata wakitokea mara nne katika sentensi moja, na "huyo atalipa ada" siipitishi hata mteja akilalamika kwamba haisomeki vizuri.