Kichwa kinauma na mimba ni ya wiki 31: kipandauso au presha?

Swali: Shikamoo nesi. Niko Moshi, nina mimba ya wiki 31. Kipandauso ninacho tangu sekondari, lakini safari hii kichwa kimeanza jana jioni na bado kinagonga. Nimeze nini?

Marahaba. Meza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, kisha nenda ukapime presha leo hii, hata kama tarehe yako ya kliniki bado. Dozi unaweza kurudia baada ya saa 6, ila usizidishe vidonge 8 kwa siku, na kama una mwili mdogo au tatizo la ini uliza kwanza. Angalia pia dawa za mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani yake.

Hata kichwa kikitulia, nenda. Mwenye kipandauso cha miaka mingi ni rahisi kuchelewa, kwa sababu maumivu yake tayari ameshayapa jina. Kwa wanawake wengi kipandauso hupoa mimba ikishapita miezi mitatu ya mwanzo. Kikirudi kwa nguvu baada ya wiki 20, sisi wakunga hatukubali kwamba ni kilekile mpaka tuone presha.

Swali: Jirani amenipa diklofenaki, anasema ndiyo inakata maumivu haraka. Vipi?

Mrudishie. Diklofenaki na ibuprofeni, hasa kuanzia wiki 20, zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Mimba ikizidi kukua zinaweza pia kubana mshipa ulio karibu na moyo wa mtoto, ambao unatakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe. Kinachoponza watu ni vidonge vya mchanganyiko vinavyouzwa kwa jina la kibiashara, kwa hiyo geuza pakiti usome kilichomo. Dawa za kipandauso zenye ergotamini nazo ni marufuku, kwani hubana mishipa na kukaza mfuko wa uzazi. Lakini kama kliniki walikuandikia aspirini ya dozi ndogo, hiyo ina kazi yake, usiiache.

Swali: Nitatofautishaje kichwa changu cha kawaida na hicho cha presha?

Kipandauso unakijua: mara nyingi ni upande mmoja, mwanga unakera, kichefuchefu. Wengine huona michirizi kama msumeno inayotanuka taratibu, kisha inaisha ndani ya saa moja. Kichwa cha kawaida mara nyingi kinatokana na njaa, kiu au usingizi mdogo. Huku kwetu kwenye kahawa nakutana pia na mama aliyezoea vikombe vitatu, akaacha vyote siku aliyojua ana mimba. Huyo apunguze kidogokidogo.

Kichwa cha presha hakisikii parasetamoli, au kinatulia kisha kinarudi. Macho yanaona nyota au ukungu usioondoka. Kuna maumivu kwenye chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia, na kutapika kunakoanza upya wakati kichefuchefu cha mwanzo kilishaisha. Miguu kuvimba jioni peke yake hainishtui sana, ila uso kuamka umejaa na pete kugoma kutoka kidoleni, hapo nauliza zaidi. Dalili moja inatosha kukupeleka hospitali, na presha inaweza kupanda bila hata moja.

Chukua mfano wa mama mwenye mimba kama yako. Kadi yake inaonyesha 104/66 wiki ya 14. Leo, baada ya kupumzika dakika 5, mgongo umeegemea kiti na mkono uko usawa wa moyo, inasoma 148/94. Tunarudia, ni ileile. Mkojo una protini alama mbili. Mpaka wetu ni 140/90, kwa hiyo huyu hatumpi dawa ya kichwa akarudi nyumbani. Anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, wapime damu kuona chembe sahani za kugandisha damu, ini na figo, waanze dawa ya presha, na wakiona hatari wampe magnesiamu salfeti kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Ingekuwa 160/110, hiyo ni dharura ya dakika, si ya masaa. Na mkojo ungekuwa safi, kwa presha ile na kichwa kile bado angeenda.

Swali: Na kama kuna homa?

Pima malaria pia siku hiyohiyo. Homa yenye shingo ngumu, kichwa kilichopasuka ghafla kuliko vyote ulivyowahi kuugua, au upande mmoja wa mwili kulegea: usipitie duka la dawa, nenda hospitali moja kwa moja.

Swali: Nikishajifungua si yameisha?

Bado. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, zaidi siku za mwanzo, na tunakiangalia mpaka wiki 6. Ukiwa kwenye uzazi kichwa kikakushika, usikubali kuambiwa ni uchovu wa kunyonyesha kabla hujapimwa presha.