Korosho za Mtwara, embe za Arua na midomo iliyovimba

Msimu wa embe ukifika hapa Arua, Uganda, nawapokea watu wenye upele mdomoni. Wengi wanakuja wakiamini wamerogwa, au wamekula embe iliyopigwa dawa shambani. Kisa kimoja kilinifundisha mengi, nami nakieleza hapa kwa ruhusa ya mwenyewe.

Ni mama wa makamo, muuza nguo. Alipoingia midomo ilikuwa imevimba, na pembeni mwake kulikuwa na malengelenge madogo yaliyojaa maji. Shavu la kulia lilikuwa na mstari mwekundu, kama mtu aliyepitisha kidole chenye rangi. Alisema, "Daktari, embe nimekula tangu utoto. Leo zinanichukia kwa nini?"

Embe zenyewe zilikuwa kagogwa, zile ndogo zenye nyuzi. Kagogwa haimenywi kwa kisu. Unaing'ata juu, unalivuta ganda kwa meno, kisha unafyonza. Ganda linakaa muda mrefu kwenye midomo, na utomvu wa kwenye kikonyo unachuruzika hadi kidevuni. Alizila siku ya Jumapili, mwasho ukaanza Jumatatu usiku, na malengelenge yakatoka Jumanne.

Siku hizo mbili ndizo zilizonipa mwelekeo. Mzio wa ghafla, ule wa karanga au wa kuumwa na nyuki, huja ndani ya dakika chache au saa moja hivi. Huu wa ganda la embe huchukua siku moja hadi tatu kujitokeza, kwa sababu unaendeshwa na seli za kinga ziitwazo seli T, na seli hizo zinahitaji muda wa kukusanyika kwenye ngozi.

Nikamuuliza kama kuna kitu kipya alichoshika mwezi uliopita. Akakumbuka korosho. Ndugu yake alitoka Mtwara na mfuko wa korosho zikiwa bado na maganda. Walizikaanga kwenye sigiri jikoni, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua, kisha wakaanza kuzibangua kwa jiwe. Huko kusini mwa Tanzania wabanguaji wanajua kwamba kazi hiyo hufanywa nje, upande ambao upepo hauleti moshi, na kwamba maganda yakishawaka hupigwa majivu au mchanga ili mafuta yanywewe. Hapa kwetu mikorosho ni michache, na ujuzi huo haukusafiri pamoja na mfuko. Kesho yake vidole vyake viwili vilikuwa na madoa ya kahawia, kama vimeungua. Vilipona baada ya wiki moja, naye akasahau.

Kati ya ganda la nje la korosho na lile la ndani kuna tabaka lenye vitundu kama sifongo, limejaa mafuta mazito ya kahawia. Mafuta hayo yanaunguza ngozi yenyewe, bila mzio wowote, na ndiyo yaliyomchoma vidole. Lakini yalifanya jambo la pili ambalo hakuliona. Ndani yake kuna kemikali inayoitwa kadoli, ndugu wa karibu wa urushioli.

Wengi husema korosho na embe zina urushioli, nami nikiwa na haraka husema hivyo hivyo. Kwa usahihi, urushioli ni mafuta ya mti wa Asia ya Mashariki ambao Wajapani hutumia utomvu wake kutengeneza vanishi nyeusi inayong'aa. Wao huuita urushi, na jina limetoka huko. Mti huo, mwembe na mkorosho ni wa familia moja ya mimea. Kila mmoja hutengeneza molekuli yake, lakini zote zina umbo linalofanana: kichwa chenye pete na mkia mrefu wa kaboni, 15 au 17 hivi. Mkia ni wa mafuta, kwa hiyo unapenya ngozi kwa urahisi. Kichwa kikiingia hujishika kwenye protini za mwili. Protini iliyogandwa hivyo huonekana ngeni, na kinga inajifunza kuishambulia.

Kujifunza huko huchukua siku 10 hivi, pengine wiki mbili au zaidi, na mtu hahisi chochote. Kinga ya mama huyu ilijifunza kwa kadoli ya korosho wakati vidole vyake vinapona. Wiki tatu baadaye akang'ata kagogwa, na seli T zikaona kwenye ganda la embe umbo lile lile. Embe haikubadilika hata kidogo. Yeye ndiye aliyebadilika.

Dada yake alibangua naye na akala embe zile zile bila kuwashwa. Watu hawalingani katika wepesi wa kinga kujifunza, na kiasi kilichogusa ngozi kina uzito wake pia. Kuna mfano ulioandikwa na madaktari wa Israeli: vijana 17 wa Kimarekani waliokuwa wakichuma embe walipata upele, wenzao wa Kiisraeli hawakupata. Wamarekani walitoka kwenye nchi yenye mmea mwitu wenye urushioli. Miili yao ilikuwa imeshafundishwa kabla hawajagusa embe.

Njia ya kinyume nayo ipo, ya korosho kumwasha mtu ambaye mwili wake ulishafundishwa na mmea mwingine. Mwaka 1982, huko Pennsylvania, watu 54 walipata upele baada ya kula korosho zilizotoka Msumbiji. Ndani ya mifuko kulikuwa na vipande vya maganda. Kokwa la korosho lenyewe halikuwa na kosa.

Kuhusu tiba, mama alikuja siku ya tatu, kwa hiyo kuosha kusingesaidia tena upele uliokwisha kuanza. Kuosha kunafaa mara tu baada ya kugusa, kwa sabuni na maji mengi, bila kusahau kucha, kisu na nguo. Nilimpa krimu ya haidrokotisoni kwa siku chache, na kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa ajili ya mwasho. Upele ukisambaa sana usoni au macho yakifumba, tunatumia vidonge vya prednisoloni, tukivipunguza polepole kwa wiki mbili hadi tatu. Nimewaona waliopewa vya siku tano tu: upele ulirudi kwa nguvu.

Siku ya tano doa jipya lilitokea shingoni, akaogopa kwamba maji ya malengelenge yanausambaza. Hayasambazi, wala hayamwambukizi mtoto. Mahali palipopata mafuta kidogo huchelewa tu kutoa upele. Wiki ya tatu ngozi ilikuwa safi.

Hajaacha embe. Mwanawe humenya kwa kisu, mbali na kikonyo, kisha nyama ya embe huoshwa na kuwekwa kwenye sahani safi kabla ya mama kuishika. Mafuta mengi yako kwenye ganda na utomvu, na yeye anakula hivyo bila shida, ingawa wachache huwashwa hata na nyama. Korosho zilizobanguliwa za dukani anakula pia. Lakini mtu ambaye koo linabana au anatapika dakika chache baada ya kula korosho ana tatizo jingine kabisa, la protini za kokwa lenyewe. Huyo asijaribu tena nyumbani, na siku hiyo hiyo akimbizwe hospitali.

Mfuko wa Mtwara ulikuwa umebaki nusu. Nilimwomba amwachie dada yake, naye akakaangie uani.