Haina Nusu Toni, Sawa. Na Zeze Je?

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayemfundisha kinanda hapa Dodoma ameniletea jibu lile lile. Nimemuuliza kwa nini skeli ya toni nzima inasikika kama ndoto, naye bila hata kunitazama akajibu: "Kwa sababu haina nusu toni, mwalimu." Ni jibu nililolisikia kwa wapiga kinanda wa kwaya, kwa vijana wa bendi za harusi, na kwa mwalimu mwenzangu ambaye kwa heshima zake simtaji. Si uongo kwamba skeli hiyo haina nusu toni. Tatizo ni hilo neno "kwa sababu".

Nianze na ujenzi, haraka haraka, maana wengi mnaujua. Skeli ya kromatiki ni kupita vibao vyote, cheupe na cheusi, bila kuruka: noti kumi na mbili, kila hatua nusu toni, ya kumi na tatu ni do ya juu. Mkono wa kulia, kidole cha tatu kwenye vyeusi, gumba kwenye vyeupe, na cha pili pale vyeupe viwili vinapofuatana unapopanda, yaani F na C. Ukianza kufikiri katikati ya njia umepotea.

Skeli ya toni nzima unaruka kibao kimoja kila mara. Kutoka C: C, D, E, halafu F-shapu, G-shapu, A-shapu, umerudi C. Kwa solfa: do, re, mi, fe, se, le, do. Noti sita tu. Anayeanza hukosea baada ya mi, kidole kinaenda chenyewe kwenye fa kwa mazoea ya skeli ya kawaida. Na kwenye karatasi kuna mtego: A-shapu kwenda C inaonekana kama umeruka herufi, lakini kwenye kibao ni toni moja kama nyingine zote. Skeli hizi ziko mbili tu duniani, ile yenye C na ile yenye C-shapu. Ukianzia D umerudia ya kwanza. Kuna watu wanazifanyia mazoezi "katika funguo zote kumi na mbili". Sawa, vidole vitapata nguvu.

Sasa turudi kwenye nusu toni.

Chukua zeze la Kigogo, au ilimba, ile ya vidole gumba. Wataalamu waliolichunguza wanaeleza kwamba skeli ya Wagogo inatoka kwenye sauti-pacha za asili, zile zinazolia ndani ya uzi mmoja ukiupiga: ya nne, ya tano, ya sita, ya saba, ya nane, ya tisa. Kwa solfa ni do, mi, so, ta, do, re. Zipange ndani ya oktava moja upate do, re, mi, so, ta. Tafuta nusu toni humo. Hakuna hata moja. Sasa nani amewahi kumsikia marehemu Hukwe Zawose akipiga ilimba akasema anaota? Ile ni ngoma iliyosimama ardhini kwa miguu miwili. Muziki huo umezunguka masikio yetu hapa tangu tukiwa wadogo, halafu mtu anakaa Chamwino ananiambia kukosa nusu toni ndiko kunakoleta ndoto!

Ziweke skeli hizi mbili pamoja uone. Ya Kigogo: do, re, mi, so, ta. Ya toni nzima: do, re, mi, fe, se, le. Hiyo le na ta ni kibao kimoja. Kwa hiyo noti nne ni zile zile, do, re, mi na ta. Tofauti yote iko katikati: Mgogo ana so, na skeli ya toni nzima imeiondoa so ikaweka fe upande mmoja na se upande wa pili. Kama nyumba iliyotolewa nguzo ya kati, zikawekwa mbili nyembamba pembeni yake.

Jaribu mwenyewe leo. Buni kipande kifupi cha do, re, mi, so, ta, mkono wa kulia peke yake, kirudie mpaka kizoeleke. Kisha kila unapofika so, piga fe ukiwa unapanda na se ukiwa unashuka. Usibadili kasi, usiongeze mwangwi wa kinanda (naomba, mwangwi mnauweka kila mahali). Kipande kile kile kitaanza kuelea. Umebadili noti moja, na idadi ya nusu toni haijabadilika: ilikuwa sifuri, imebaki sifuri.

So ina nini hasa? Ukipiga do, uzi wenyewe unatoa so ndani yake, oktava moja juu, na ni miongoni mwa sauti-pacha zinazosikika kwa nguvu zaidi. Sikio linapoisikia so pembeni ya do linapata uthibitisho kwamba do ndiye mwenye nyumba. Skeli ya toni nzima haina uthibitisho huo kwa noti yake yoyote. Hesabu nusu toni kutoka noti yoyote humo: mbili, nne, sita, nane, kumi, kumi na mbili. Ni shufwa tupu. Ya tano, yaani so yake, iko kwenye saba. Ya nne, yaani fa yake, iko kwenye tano. Ti, anayekusukuma kurudi do, yuko kwenye kumi na moja. Zote witiri, zote nje. Kwa hiyo kukosekana kwa nusu toni ni tawi moja la mti huo, na shina ni kwamba hakuna noti yenye wa kuiunga mkono. Hata kodi (siyo ile ya TRA) zinazopatikana humo kwa kuruka noti moja moja ni mbili tu, do-mi-se na re-fe-le, na zote mbili hazina ya tano iliyotulia.

Kuna wanaonijibu kwamba siri ni usawa: kila hatua inalingana na nyingine, basi sikio halina alama ya njia. Hili nalikubali nusu. Niliwahi kuipigia kwaya yetu skeli ya toni nzima kupanda na kushuka, bila besi, nikasema: imbeni do. Nikapata do nne tofauti, na sauti ya tatu wakacheka badala ya kuimba. Kwa skeli ya kawaida wangeingia wote kwenye do moja bila hata kuambiwa. Lakini skeli ya kromatiki nayo ina hatua zilizolingana, tena nyingi zaidi, na ukiipiga peke yake do inapotea vilevile. Mbona haioteshi? Inasikika kama mdudu anapanda ukutani. Kwa sababu humo kila noti ina jirani wa nusu toni juu na chini, na kila jirani anavuta. Sikio linasubiri kufikishwa mahali, linasukumwa tena, linasubiri tena. Isitoshe, kromatiki huwa hatuisikii peke yake, tunaisikia kama njia ya kutoka do kwenda so huku kodi imeshikilia chini. Skeli ya toni nzima haivuti wala haifikishi. Yote mawili yanahitajika ili mtu aelee: asijue nyumbani ni wapi, na asiwepo wa kumsukuma.

Kama humwamini mwalimu wa Dodoma, msikilize Debussy. Mwaka 1909 aliandika kipande cha piano kiitwacho Voiles, neno ambalo kwa Kifaransa linaweza kuwa shela au matanga ya jahazi. Karibu chote ni toni nzima. Kisha katikati, kwa mita chache tu, anahamia kwenye skeli ya noti tano za vibao vyeusi, na muziki unaamka ghafla kama upepo umeshika tanga. Vibao vyeusi peke yake navyo havina nusu toni. Havikuongezwa nusu toni ili tuamke, zimeongezwa ya tano na ya nne. Chini yake, kwenye besi, B-flati inagonga tena na tena karibu kipande kizima, kwa hiyo hata yeye hakukubali kuelea bila kamba.

Hapa nikiri jambo linalonisumbua. Hilo neno "ndoto" silo la skeli peke yake. Glinka, katika opera yake Ruslan na Lyudmila ya mwaka 1842, aliitumia skeli ya toni nzima ikishuka kwa ajili ya Chernomor, mchawi mbaya anayemteka msichana. Pale inatisha. Noti zile zile. Sisi tumeona filamu nyingi mno ambazo mtu akifumba macho tu, toni nzima inapanda, na sijui ni kiasi gani cha ndoto hii tumefundishwa na luninga.

Niliwahi kumpigia skeli hiyo mzee mmoja mpiga zeze, mtu asiye na habari na filamu. Nilitarajia aniambie anaona mawingu. Akasikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akasema: "Mwanangu, kuna uzi wako mmoja umelegea. Ukaze."

Alikuwa anaitafuta so. Nikampigia do, re, mi, so, ta, akatikisa kichwa kukubali, sasa hapo, japo mi na ta aliziona ziko juu. Na ziko juu kweli: ta ya kinanda imezidi ile ya uzi kwa karibu theluthi ya nusu toni. Ndiyo maana hata jaribio langu la pale juu ni la kinanda, halimtendei haki ilimba.

Kwa wanaotaka kuitumia kwenye utangulizi wa wimbo, njia salama ya kutoka ni kuchukua ile skeli ya pili, inayoanzia so: so, la, ti, de, re-shapu, fa. Elea humo mita mbili, kisha tua kwenye do-mi-so. Ti itapanda do, fa itashuka mi, re-shapu itapanda mi, kila moja kwa nusu toni. Nusu toni zote zinakusubiri mlangoni, siku ya kutoka.

Besi ndiyo huharibu. Kwenye mazoezi ya Jumamosi mpiga besi wetu, kijana mwema, kila nikianza kuelea anagonga so na re, zile za kawaida kabisa, ya tano safi, na ndoto inageuka kuwa kodi ya kawaida iliyotiwa pilipili. Nimemwambia anyamaze mita hizo mbili.

"Ninyamaze mpaka lini, mwalimu?"

"Mpaka utakapoisikia do."

"Sasa humo nitaisikiaje?"

Ameelewa somo kuliko yule wa kinanda.