Namak halal: chumvi huhalalishwa baada ya kuliwa

Wanafunzi wangu wa Kiurdu wakikutana na namak haram kwa mara ya kwanza, wengi huielewa kuwa chumvi ya wizi au ya dhuluma. Siwalaumu. Namak ni chumvi kwa Kiajemi, na haram ni haramu ile ile tuliyoizoea. Kumbe anayetajwa ni mtu, mlaji mwenyewe.

Ukila chumvi ya mtu, iwe mshahara, malezi au sahani ya wali, unadaiwa. Deni hilo huitwa namak ka haq, haki ya chumvi. Ukilitimiza, umeihalalisha chumvi uliyokula, nawe ni namak halal. Ukimgeuka aliyekulisha, chakula kilichopikwa kwa mali safi kabisa kinageuka haramu juu yako, hata kama ulikila miaka ishirini iliyopita.

Huko Murshidabad, Bengal, kuna lango kuukuu la matofali ambalo wenyeji huliita Namak Haram Deorhi, lango la namak haram. Lilikuwa la jumba la Mir Jafar. Huyu alipandishwa cheo na Nawabu Alivardi Khan, mtawala wa Bengal, akaozwa dada wa nawabu kwa baba, akawa bakhshi, msimamizi wa mishahara ya jeshi. Tarehe 23 Juni 1757, huko Plassey, mjukuu wa Alivardi, Nawabu Siraj-ud-Daulah, alipambana na Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki. Mir Jafar alikuwa ameshapatana na Waingereza kwa siri, akasimama na kikosi chake kikubwa bila kupigana. Siku chache baadaye Siraj aliuawa, na Mir Jafar akakalia kiti chake. Wasaliti ni wengi katika historia, lakini huyu alikuwa amelishwa na nyumba ile ile aliyoiangusha, ndiyo maana lango lake likapewa jina hilo.

Kwenye tafsiri, usiandike “nimekula chumvi yako”. Kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mzee, na msomaji atawaza umri. Mimi huandika “nimekula kwako”. Kwa namak haram, “msaliti” hukipoteza chakula. “Mtovu wa fadhila” hukaribia, ila huyo aweza kuwa mtu asiyeshukuru tu. Nikipata nafasi, natumia ile ya fadhila ya punda kuwa mateke, kwa sababu ndani yake mfadhili anaumizwa.

Kinachonisumbua ni kwamba neno hili humwelekea aliye chini. Bwana asiyelipa ujira haitwi namak haram. Askari wa Kihindi walipoasi mwaka 1857, Waingereza waliwashutumu kwa kuisaliti chumvi ya Kampuni. Mishahara ile ilitoka kwenye kodi ya ardhi ya wakulima wa Kihindi, na wengi wa askari hao walikuwa watoto wa wakulima. Hata chumvi halisi, ya kutia kwenye dengu, Kampuni ilikuwa imeihodhi Bengal tangu karne ya 18, na wenyeji waliinunua kwa bei yake.